Mabano ya Wiki ya Tatu

Ukimwambia Kola akae, atakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Kazi yake ya udobi aliianza akiwa kijana, kwa pasi ya mkaa, barazani kwa mama yake. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa sababu kola alizozinyoosha yeye zilisimama wima mpaka mwenye shati akaogopa kugeuza shingo. Miaka thelathini baadaye alikuwa na ukumbi wake wa bati nyuma ya safu ya maduka, mashine mbili kubwa za kufulia, meza nne za pasi, gari dogo la kubebea mizigo na wafanyakazi wanane, wakiwemo yeye na mkewe. Lakini bado hakujua kukaa. Alikunywa chai akitembea, na hesabu alizipiga akiwa amesimama, daftari ameliegemeza ukutani.

Mkewe alisimamia meza za pasi. Droo ya pesa na funguo zake vilikuwa kwa shemeji yake Kola, mjane wa kaka yake mkubwa, mama mmoja mpole aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika ofisi ya uhasibu ya chama cha ushirika. Kaka mtu alipofariki, Kola alimwomba aje amshikie pesa. "Mimi najua madoa, shemeji," alimwambia. "Karatasi unazijua wewe."

Kwa miaka mitatu mambo yalikwenda sawa. Wateja walikuwa zahanati moja na nyumba tatu za wageni, nao walilipa kila Ijumaa nguo zao zikirudi, jumla laki tisa kwa wiki. Mishahara ililipwa Jumamosi, sabuni ilinunuliwa Jumatatu, na kilichobaki kilipelekwa benki.

Kisha ikaja hoteli kubwa ya barabara ya juu. Walitaka kufuliwa mashuka, foronya na mataulo, kazi ya laki nane kila wiki. Kola alipiga hesabu zake ukutani. Kazi hiyo ingemwongezea gharama ya laki tano kwa wiki: watu watatu zaidi, sabuni, umeme, maji na mafuta ya gari. Laki tatu zilizosalia ni faida, tena ya bure kabisa, kwa maana ukumbi na mashine alikuwa navyo tayari. Akaweka sahihi kabla wino wa ile ya meneja haujakauka. Kulikuwa na kipengele kimoja alichokisoma mbiombio: ankara itapelekwa kila baada ya wiki nne, na italipwa wiki nane baada ya kupokelewa.

"Hoteli kama ile itakimbilia wapi?" alimwambia mkewe. "Pesa yao ni kama iko mfukoni."

Mzigo ulipozidi, akaagiza na mashine ya kukaushia. Alitoa laki saba za mwanzo, laki tano zilizobaki akaahidi kuzimalizia baadaye.

Wiki sita zikapita, ukumbi ukiunguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Kila shuka lililotoka, Kola aliliandika daftarini kama mapato. Ijumaa ya wiki ya sita akapiga jumla yake, akaona vizuri mno: kabla ya kutoa kodi ya pango, alikuwa ametengeneza faida ya milioni tatu. Kabla ya kazi ya hoteli, benki kulikuwa na milioni tatu na nusu. Kwa hiyo, kwa akili yake, lazima sasa kuwe na milioni sita na nusu. Akaenda benki kifua mbele kuulizia salio.

Karani akamsomea: milioni moja.

Kola alirudi kwa miguu, gari akalisahau nje ya benki. Njia nzima alikuwa akipiga hesabu ileile, na kila mara ikamletea jibu lilelile. Milioni tano na nusu hazipo. Pesa haina miguu, aliwaza. Na anayeshika funguo ni mtu mmoja tu.

Alipoingia ukumbini, hakusubiri hata wafanyakazi watoke kwenda kula.

"Shemeji, pesa yangu iko wapi?"

Shemeji yake aliinua macho kutoka kwenye risiti. "Pesa ipi?"

"Milioni tano na nusu! Daftari linasema nina faida, benki wanasema sina kitu. Katikati yao uko wewe. Nimekuokota na msiba wako, nikakupa funguo za nyumba yangu, kumbe nafuga mwizi!"

Pasi zilisimama hewani. Mkewe akapaza sauti kutoka meza ya mwisho, "Baba, hebu ngoja kwanza!" lakini neno lilikwishatoka. Shemeji aliziweka kando risiti. Alifunga droo, akaweka funguo juu yake taratibu, akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka.

"Wiki mbili zilizopita nilikuwekea karatasi kwenye daftari lako," alisema. "Nikakuomba ukae dakika kumi tu nikuoneshe. Ukaniambia huna muda wa kukaa. Ile sasa imepitwa. Kesho nitakuletea mpya, ya mwisho. Kwa heri, shemeji."

Kola hakulala vizuri. Asubuhi alimkuta shemeji yake amesimama nje ya lango na bahasha. Hakutaka kuingia ndani. Alitoa karatasi ya kwanza, yenye mistari michache tu.

"Milioni tano na nusu zako hizi hapa. Hoteli umeifulia wiki sita, kila wiki laki nane. Hiyo ni milioni nne na laki nane. Wamekulipa ngapi mpaka leo?"

Kola alianza kuhesabu Ijumaa kwa vidole, akaviachia.

"Hata senti. Laki saba nyingine ni ile mashine unayoisikia ikilia. Jumlisha." Akampa bahasha. "Daftari lako linahesabu mashuka yaliyotoka. Benki inahesabu pesa iliyoingia. Vyote viwili ni kweli, ila mishahara hailipwi kwa mashuka yaliyotoka. Karatasi ya pili ni ya wiki kumi zijazo. Isome."

Akaondoka zake. Kola alibaki pale langoni, uso ukiwaka. Akaingia ndani, akafanya lile alilozoea kulifanya akiwa na aibu: akaanza kupanga upya marundo ya mataulo ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Mchana aliifungua karatasi ya pili akiwa amesimama. Ilikuwa jedwali safi, tarakimu zimeandikwa kwa maelfu. Juu zimepangwa wiki, moja hadi kumi. Chini yake mistari minne: pesa ya kuanzia, zinazoingia, zinazotoka, pesa inayobaki. Jicho lake likaruka moja kwa moja hadi mwisho wa mstari wa chini, kulia kabisa. 3,300.

"Milioni tatu na laki tatu!" akamwita mkewe. "Njoo uone! Baada ya wiki kumi tuna milioni tatu na laki tatu. Tulikuwa tunagombana bure."

Mkewe alikuja akijifuta mikono, akaichukua karatasi na kuitandaza juu ya meza ya pasi. Yeye hakuanzia mwisho. Aliweka kidole wiki ya kwanza na kwenda nacho kulia polepole, kama anayetafuta uzi uliochomoka kwenye kitambaa.

"Tunaanza na elfu. Yaani elfu mara elfu, milioni moja. Zinaingia mia tisa, zinatoka elfu moja na mia mbili. Inabaki mia saba. Hiyo mia saba ndiyo inaanza wiki ya pili, sawa? Tena mia tatu zinapungua, inabaki mia nne." Kidole kikasimama. "Hii ya wiki ya tatu mbona imewekwa kwenye mabano? Mia tano, ndani ya mabano."

"Mabano ni urembo wa wahasibu," alisema Kola. "Tena angalia, inapanda. Mia tano, mia nane, elfu moja na mia sita. Inapanda!"

"Itapandaje? Wiki ya tatu tunaanza na mia nne, zinaingia mia tisa. Jumla elfu moja na mia tatu. Zinatoka elfu moja na mia nane, maana kuna kodi ya pango ya miezi mitatu, mia sita. Sasa toa wewe."

Kola akajaribu. Hakuweza kutoa. Elfu moja na mia tatu haitoshi kutoa elfu moja na mia nane.

"Inapungua mia tano," mkewe alisema kwa sauti ndogo. "Mabano maana yake hatuna. Laki tano hatuna wiki ya tatu. Wiki ya nne laki nane hatuna. Ya tano, mwenye mashine anamaliziwa laki tano zake, milioni moja na laki sita hatuna. Ya sita ndiyo hoteli inalipa ankara ya kwanza, milioni tatu na laki mbili, tunapanda juu ya maji. Na hii yako ya mwisho uliyoifurahia, ni kwa sababu wiki ya kumi ankara ya pili inalipwa."

"Lakini mwisho tunapata."

"Mwisho tunapata, ndiyo. Wiki ya tatu utawaambia watu wangoje mwisho?"

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Kola alikaa. Alikaa juu ya furushi la mashuka machafu, akainuka, akakaa tena.

Jumatatu simu ililia. Alikuwa meneja wa hoteli. Jengo lao jipya linafunguliwa, mzigo utakuwa mara mbili, na Kola ndiye wanayempendelea, kwa masharti yaleyale. Kola alichangamka. Hii ndiyo dawa, aliwaza, kazi zaidi, faida zaidi, shimo litafukiwa. Alimwomba meneja ampe nafasi hadi kesho yake, akaenda kwenye karatasi na penseli, akiwa na uhakika kabisa.

Akaandika safu mpya. Kazi ya jengo jipya, zinazotoka: laki tano kila wiki kuanzia wiki ya kwanza. Zinazoingia: akasogeza penseli wiki ya pili, ya tatu, ya nne, ankara ya kwanza ndipo inapelekwa, kisha wiki nane. Penseli ikafika wiki ya kumi na mbili, nje ya karatasi. Pesa zingeingia ukingoni mwa meza, huko ambako hakuna jedwali. Akajumlisha wiki ya tano upya. Badala ya upungufu wa milioni moja na laki sita, ulikuwa milioni nne na laki moja.

Alirudia mara tatu. Ile kazi ingempa faida kila wiki, na kila wiki ingemkaba koo zaidi.

Kesho yake alivaa shati lenye kola ya zamani, akaenda hotelini mwenyewe. Meneja alimpeleka kwa mhasibu, mwanamama mwenye miwani shingoni, ofisi imejaa mafaili mpaka dirishani.

"Jengo jipya siwezi kulichukua kwa malipo ya wiki nane," Kola alisema. Maneno yalimuuma kama anang'olewa jino. "Mkilipa kila baada ya wiki mbili, nitalichukua leo."

"Hapo hatuwezi. Utaratibu ni mmoja kwa wote."

"Basi wapeni wengine."

Meneja alimtazama kwa mshangao. Dobi anayekataa kazi hakuwa amemwona. Kola aliendelea. "Nina ombi jingine. Ankara yangu ya kwanza mnayo, mmeipokea wiki mbili zilizopita. Mkinilipa nusu mapema, nitawapunguzia laki moja."

Mhasibu alivaa miwani. Alitoa faili, akapekua, akapiga hesabu zake kimyakimya. "Milioni moja na nusu badala ya milioni moja na laki sita," alisema. "Wiki ya nne kuanzia sasa, Jumatano. Nusu nyingine kwa tarehe yake. Na ujue, bwana, wengi wanaokuja hapa hawaombi. Wanafunga biashara tu, halafu tunasikia."

Kutoka hapo Kola hakusimama. Alikwenda kwa mwenye jengo, akamwomba apokee laki mbili za kodi wiki ya tatu na laki nne wiki ya sita. Mzee yule alinung'unika sana, akakubali. Akaenda kwa muuza sabuni, ambaye kila wiki alimlipa elfu mia mbili na hamsini papo hapo, akaomba sabuni ya wiki ya tatu ilipwe wiki ya sita. "Umewahi kunikopa lini wewe?" muuza sabuni alicheka. "Chukua." Jioni Kola na mkewe waliandika jedwali upya. Wiki ya tatu, mahali palipokuwa na mabano, palibaki laki moja na nusu. Si pesa ya kujivunia, lakini mabano hayakuwepo.

Ikabaki ziara moja, na hiyo ndiyo aliyoizunguka siku mbili nzima. Alimkuta shemeji yake nyumbani juu ya kigoda, akitundika mapazia. Hakushuka.

"Shemeji, nimeisoma karatasi," alisema Kola. "Mpaka mabano. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Nimekusikia." Alichomeka kikulabu kimoja, kisha kingine. "Lakini hukunikosea hapa chumbani, shemeji. Umeniita mwizi mbele ya watu kumi. Msamaha wa chumbani nifanyie nini? Niwatembelee mmoja mmoja niwaambie?"

Kola alisogea karibu. Alimshikia kigoda mpaka pazia likaisha, akaaga.

Wiki ya kwanza ikapita kama karatasi ilivyosema, na ya pili. Ya tatu ilipita kwa kubanana. Wiki ya nne, Jumatano ilifika, pesa ya hoteli haikufika. Alhamisi Kola alikwenda benki mara nne. Karani alianza kutikisa kichwa kabla hajafika dirishani. Ijumaa alipiga simu, akaambiwa mwenye sahihi ya pili amesafiri, hadi Jumatatu. Nyumba za wageni na zahanati walilipa laki tisa zao kama kawaida, sabuni, umeme na mafuta vikachukua fungu lao, na Kola akapiga mahesabu ya Jumamosi akizunguka gari lake kama mtu aliyepoteza kitu chini yake. Mishahara ya wiki, pamoja na yake na ya mkewe, ilikuwa elfu mia tano na hamsini. Mkononi alikuwa na laki nne kamili.

Jumamosi saa sita mchana aliwakusanya wote kwenye meza ya kwanza. Alikuwa amebandika jedwali ukutani. Mkewe alisimama kando, mikono kifuani.

"Nimepungukiwa laki moja na nusu," alianza. "Laki moja ni yangu na mama hapa, sisi hatuchukui. Imebaki elfu hamsini. Namwomba mtu mmoja anayeweza kungoja wiki moja."

Mpiga pasi mmoja wa makamo, mwanamke aliyewahi kufanya kazi kwa mabosi wengi, akacheka pembeni ya mdomo. "Hoteli haijalipa, sivyo? Wimbo huo tumeusikia sana. Mwisho wake mlango una kufuli."

"Njoo hapa," Kola alimwambia. Hakukasirika. Alimwonesha wiki ya nne, kidole chake kikienda polepole kama alivyofundishwa na mkewe: tulianza na hii, zimeingia hizi, zimetoka hizi, hii iliandikwa iingie Jumatano, haijaingia. "Wiki ijayo ikiingia, mnaona inavyokuwa. Isipoingia, mtaona pia. Karatasi haitatoka hapa ukutani."

Mpiga pasi yule aliitazama muda mrefu. Dereva ndiye aliyeinua mkono. "Mimi nitangoja, bosi. Ila wiki moja, si mbili."

"Wiki moja." Kola alishusha pumzi. Kisha akashika ukingo wa meza, kwa sababu lililobaki lilikuwa zito kuliko mishahara. "Na jambo jingine. Karatasi hii si yangu. Ameiandika shemeji yangu, yule niliyemwita mwizi hapa hapa, mkiwa mmesimama hapo hapo. Hakuiba hata senti. Pesa ilikuwa hotelini na kwenye mashine ile, na alikwishaniambia kabla, nikakataa kukaa kumsikiliza. Mwenye kosa ni mimi. Aliyesikia maneno yangu ya kwanza na aende akawaambie watu haya ya pili."

Mkewe alianza kugawa bahasha.

Jumatatu saa tano asubuhi milioni moja na nusu iliingia. Dereva alilipwa kabla hajazima gari.

Habari za Jumamosi zilimfikia shemeji kabla ya Kola kufika kwake. Mpiga pasi mwenye ulimi ndiye aliyekwenda. Shemeji alikubali kurudi wiki ya sita ikiisha, ila si kama zamani. Funguo za droo alikataa, zikaenda kwa mkewe Kola. Yeye alisema atakuja kila Jumatatu saa mbili, kwa malipo ya siku hiyo tu, kupanga wiki kumi zinazofuata. Na chai, ambayo zamani alikunywa nao mezani, sasa aliinywa peke yake, akiangalia dirishani. Kola aliliona hilo, likamchoma, akajua si la kuharakishwa.

Jumatatu ya kwanza alikuja na karatasi mpya. Nusu ya pili ya ankara ilikuwa imeingia kwa wakati, kodi imemalizika, muuza sabuni amelipwa. Kola alivuta kiti karibu, akakaa, goti lake likitikisika chini ya meza. Akaweka kidole wiki ya kwanza.

"Polepole," shemeji alisema. "Na hii ya hoteli ya wiki ya nne, isogeze ya tano. Hao wameshachelewa mara moja."

Kola akafuta, akaandika upya, akaanza kujumlisha tangu mwanzo.